Jinsi ya Kuzika Kazi za Kailo Ndani ya Kikasha

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mfanyakazi wa ofisi aliye Kindu, ambaye nusu ya kazi zake ziko ng'ambo ya Lualaba, katika teritwari ya Kailo, na ambaye angependa aonekane ameelemewa bila kumaliza hata moja. Vifaa ni vichache: simu yenye Gmail, mega za kufungulia ujumbe lakini si kiambatisho, na mkubwa anayelipenda neno "Urgent". Daftari na kalamu viweke mbali. Vimeshaharibia watu wengi mpango huu.

Tuchukue mfano mmoja na tuende nao. Wewe ni karani wa takwimu na vifaa katika zoni ya afya. Jumanne, saa nne asubuhi, unaingia ujumbe kutoka ofisi ya mkoa. Kichwa chake ni `TR: RE: RE: Urgent Kailo`. Ndani yake, juu ya barua tatu za zamani zilizobebwa mgongoni, mna mambo manne. Kuna kituo kimoja cha afya ambacho ripoti yake ya mwezi inaonyesha wagonjwa wa malaria waliothibitishwa kwa kipimo ni wengi kuliko waliopimwa, jambo ambalo haliwezekani, na hesabu hizo zirekebishwe kwenye DHIS2 kabla ya Ijumaa. Risiti za mafuta ya pikipiki za misheni iliyopita hazijaonekana. Friji ya chanjo ya kituo kingine haishiki baridi, na mkoa unataka karatasi ya joto ya wiki mbili kuona ni mara ngapi imetoka nje ya nyuzi 2 hadi 8. Na Alhamisi kuna mkutano wa video na Kinshasa, saa tatu asubuhi.

Hatua ya kwanza ni kuusoma ujumbe huo wote, kuguna, kisha kubonyeza `Marquer comme non lu`. Herufi zinarudi kuwa nene, na wewe unajisikia umefanya kitu. Usidharau hatua hii, maana ndiyo msingi wa nyumba nzima. Alama ya "haijasomwa" ilitengenezwa iseme jambo moja tu: hujaufungua ujumbe huu. Sasa umeipa kazi ya pili, iseme pia kwamba umeufungua, umeuelewa, na hujafanya lolote. Baada ya wiki moja kikasha kina ujumbe mnene wa aina zote mbili, na njia pekee ya kuzitofautisha ni kuufungua kila mmoja. Utausoma huo wa Jumanne tena Jumatano, na tena Alhamisi, na kila mara utagundua upya kwamba una mambo manne.

Si kwamba umevumbua jambo geni. Mwaka 1996, Steve Whittaker na Candace Sidner walichunguza namna wafanyakazi wanaotumia Lotus Notes wanavyokaa na barua pepe zao, wakakuta kwamba chombo kilichotengenezwa kwa kupeleka ujumbe kimegeuzwa kuwa orodha ya kazi, kabati la hati na kitabu cha mawasiliano, vyote kwa pamoja. Baadhi ya watu hawakuwa wakipanga chochote. Wengine walikuwa wakisafisha kwa mkupuo kila baada ya miezi kadhaa, kisha wanaacha vijae tena. Ukijiona humo, jua una wazee waliokutangulia.

Ubora wa kikasha kama orodha ya kazi, kwa anayetaka kushindwa, uko katika mambo machache ambayo hayaonekani kwa macho. Kwanza, wewe siye unayeiandika orodha hiyo. Kila mwenye anwani yako anaweza kuongeza mstari juu kabisa bila kubisha hodi, na maneno ya mstari huo ni yake. `TR: RE: RE: Urgent Kailo` hayakuambii ufanye nini. Yanakuambia tu kwamba mtu fulani alikuwa na haraka na hakubadilisha kichwa. Pili, mpangilio ni wa saa ya kuingia. Tangazo la punguzo la bei ya viatu lililoingia saa tano linakaa juu ya friji ya chanjo iliyoingia saa nne, na hakuna wa kulikemea. Tatu, ujumbe mmoja si kazi moja. Huu wa kwetu ni kazi nne zenye watu wanne tofauti. Kwa upande wa pili, suala la friji limetawanyika katika jumbe tano za miezi miwili. Ukimaliza risiti za mafuta, je, unaufuta ujumbe? Huwezi, friji imo humo. Basi unabaki mnene, na kwa kuutazama huwezi kujua kama imebaki kazi moja au zote nne.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuanza kuandika kwenye karatasi. Usifike huko. Kuna dawa ya kisasa inaitwa kuahirisha, nayo ni tamu sana.

Historia yake inachekesha. Kulikuwa na kampuni iliyotengeneza programu ya orodha za kazi inayoitwa Orchestra. Waliokuwa wakiiendesha wakaona kwamba watu wanaendelea kujiandikia kazi zao ndani ya barua pepe, basi mwaka 2013 wakatoa programu ya barua pepe yenyewe, Mailbox, ambayo ukitelezesha kidole ujumbe unaondoka machoni na kurudi baadaye kwa saa uliyochagua. Dropbox wakainunua mwaka huohuo, na mwaka 2016 wakaifunga. Google nao walikuwa na Inbox yao tangu 2014, wakaifunga 2019, lakini kabla ya kuifunga waliihamishia Gmail kitufe hicho, mwaka 2018. Kwenye simu iliyo katika Kifaransa, kama zilivyo nyingi za kwetu, kinaitwa `Mettre en attente`, na alama yake ni saa.

Hatua ya pili, basi: fungua ujumbe wa Jumanne, gusa `Mettre en attente`, chagua `Demain`. Ujumbe unatoweka. Kikasha kinapumua, nawe pia. Kesho saa mbili asubuhi utarudi juu kabisa kama uliokuja sasa hivi, ukiwa na mambo yake manne na bila hata neno moja la kukukumbusha ulikuwa umefikia wapi. Uahirishe tena. Gmail haitakuhesabia ni mara ngapi umefanya hivyo, na adabu hiyo ndiyo inayoifanya ipendeze. Ukichoka na kesho, chagua `La semaine prochaine`, ambayo huangukia Jumatatu saa mbili asubuhi. Fanya hivyo kwa kila ujumbe mgumu wa wiki, na Jumatatu utapokelewa na msafara mzima uliofika kwa dakika moja. Utauahirisha wote kabla ya chai.

Sasa ongeza Kailo kwenye mchezo huu uone unavyonoga. Kuahirisha kunajua saa tu. Google wanautunza ujumbe kwenye mashine zao hadi saa hiyo ifike, kisha wanaurudisha kikashani. Simu yako itauona ikiwa na rezo. Ukiwa umepanga friji ikukumbushe Jumatano saa mbili, wakati utakapokuwa umesimama mbele ya friji yenyewe, na kijijini hapo simu haishiki kitu, ukumbusho utakufikia Ijumaa jioni umerudi Kindu, ukishuka kwenye mtumbwi. Saa ilitimia kama ulivyopanga, lakini wewe hukuwa mahali ambapo ukumbusho ungeweza kukufikia.

Na hata rezo ikiwapo, tazama kinachozizuia kazi zenyewe. Hesabu za malaria haziwezi kurekebishwa mpaka mtu alifungue rejista la kituo na kuhesabu mstari kwa mstari, na rejista liko Kailo kwa muuguzi. Risiti za mafuta anazo dereva wa pikipiki, kwenye mfuko wa koti. Karatasi ya joto imebandikwa kwenye mlango wa friji. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosubiri saa mbili asubuhi. Zinasubiri mtu, au mahali, au mtumbwi uvuke kwenda Alunguli na pikipiki iendelee kutoka hapo. Kuziahirisha kwa saa ni kuchagua namba yoyote ukitumaini siku hiyo muuguzi atakuwa amepita Kindu kwa bahati. Ukitaka kujua kama umefika ngazi hii ya ustadi, angalia ujumbe uliorudi mara mbili bila chochote kuwa kimebadilika katika mambo yanayouhusu. Huo hukuuahirisha hadi wakati unaofaa. Uliuficha.

Kuna kiwango cha juu zaidi, kwa ofisi zenye vipaji. Ofisi nyingi zina anwani moja ya Gmail ya sekretarieti, na neno la siri wanalijua watu watatu. Hapo alama ya "haijasomwa" ni ya wote: mwenzako akiufungua ujumbe kutafuta namba ya simu, wino mnene unakwisha, na kazi yako inakwisha nao. Kuahirisha nako ni kwa wote. Ukiuahirisha ujumbe wa mkoa hadi Jumatatu kwa sababu wewe uko safarini, umeuondoa pia machoni pa wenzako wawili waliobaki ofisini na wangeweza kuushughulikia leo. Wao wataapa kwamba haukufika. Mkoa utaapa kwamba uliutuma. Nyote mtakuwa mnasema kweli, na Mama wa sekretarieti atalaumu rezo, ambayo kwa mara moja haina hatia. Mtu akitaka kuufukua, aandike `in:snoozed` kwenye nafasi ya kutafutia, na kila kilichoahirishwa na yeyote kitajipanga mbele yake. Usiwaambie.

WhatsApp inahitaji maneno machache, kwa kuwa haina aibu. Huko alama ya kutosomwa inashika mazungumzo yote, si ujumbe mmoja, na agizo la Shefu huja kama sauti ya dakika tatu ambayo jambo lenyewe liko mwishoni, baada ya salamu za familia. Liache humo. Kufikia jioni litakuwa limefunikwa na picha za harusi.

Nilisema kuna watu wanaoharibu mpango huu. Inafaa uwajue, uwaepuke. Mmoja wao akiupata ujumbe wetu wa Jumanne, hufanya jambo la ajabu: anausoma mara moja tu, na wakati huohuo anaamua. Anagusa vidoti vitatu, halafu `Ajouter à Tasks`. Gmail inamtengenezea kazi katika orodha ya Google Tasks, yenye kiungo cha kurudia ujumbe wenyewe, na kichwa chake kikiwa kilekile cha ujumbe. Hapa bado kuna tumaini kwetu, maana wengi huishia hapo, na sasa wana `TR: RE: RE: Urgent Kailo` mahali pawili badala ya mahali pamoja. Lakini mharibifu wetu anakifuta kichwa hicho na kuandika: "Kuhesabu upya waliopimwa malaria kwenye rejista, pamoja na muuguzi." Kitenzi kiko mwanzoni, mtu anajulikana, na unaweza kuona kwa macho kazi itakapokuwa imekwisha. Kisha anaongeza nyingine kwa mkono. "Kumwomba dereva risiti za mafuta, simu." "Kupiga picha karatasi ya joto mlangoni mwa friji." Ujumbe mmoja umekuwa kazi tatu, na kila moja inaweza kufutwa bila kungoja dada zake.

Hesabu za malaria zina ncha mbili, na hapo ndipo ujanja wake ulipo. Tarehe ya mwisho ni Ijumaa, lakini Ijumaa ni siku ya kuziingiza kwenye DHIS2, kazi inayofanyika Kindu penye rezo. Kuhesabu rejista ni kazi nyingine, ya Kailo, na lazima itangulie. Anayeandika tarehe ya Ijumaa peke yake ataikumbuka Ijumaa, akiwa Kindu, na rejista likiwa ng'ambo. Yule mharibifu anaiwekea kazi ya rejista siku ya Jumatano, siku ambayo pikipiki inakwenda, na ya kuingiza hesabu anaipa Ijumaa asubuhi.

Tena hazichanganyi katika orodha moja. Ana orodha inayoitwa "Ng'ambo", anayoifungua akiwa Kailo, ikiwa na kila kitu kinachohitaji mguu wake uwe huko. Ana "Simu", ya kumalizia akiwa amekaa anangoja mtumbwi. Ana "Ninangoja", ya mambo yaliyo mikononi mwa wengine, pamoja na siku aliyowaomba. Wazo la kupanga kazi kwa mahali na chombo linatoka kwa David Allen, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu kumaliza mambo, na Mmarekani huyo hakuwa akifikiria Lualaba, lakini limetufaa sisi kuliko watu wenye madaraja. Mara nyingi, kabla ya kuvuka, mtu huyu huinakili "Ng'ambo" kwenye daftari. Simu ikizimika, daftari linabaki.

Jambo la nne, la mkutano, ndilo analoliahirisha, na hapo hakosei. Kabla ya Alhamisi hakuna la kufanya juu yake, kiungo cha video kimo ndani ya ujumbe, na kinachouzuia ni saa peke yake. Basi anauahirisha ujumbe hadi Alhamisi asubuhi, dakika kumi na tano kabla. Aangalie tu asiteleze: saa tatu iliyoandikwa ni ya Kinshasa, na Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Kwa simu ya Kindu mkutano ni saa nne, kwa hiyo ujumbe utarudi saa nne kasorobo. Aliyeandika saa tatu kasorobo atakaa mbele ya kioo kitupu kwa saa nzima na zaidi, mega zikiyeyuka, akishuku kwamba amefutwa kazi.

Na je, ujumbe unaporudi Alhamisi, kazi nyingine tatu hazitarudi nazo kumchanganya? Hazitarudi kwa namna inayomsumbua, kwa kuwa zilishatoka humo. Mkutano ukiisha, anabonyeza `Archiver`, na kikasha hakina tena neno la kusema kuhusu Kailo. Ujumbe bado upo, kiungo kilicho kwenye kazi kinauleta akiuhitaji. Kuna kasoro moja atakayokutana nayo: mtu wa mkoa akijibu kabla ya Alhamisi, mazungumzo yote yatarudi kikashani mara moja, saa aliyopanga ikiwa haijafika. Anayetumia kuahirisha kama kengele ya mkutano asome jibu, halafu apange upya, la sivyo kengele imekwisha kulia.

Nimebakiza hatua mbaya kuliko zote, ambayo mharibifu huyu huifanya Jumanne ileile, kabla hata ya chakula cha mchana. Anajibu. Anayeahirisha hasemi chochote, na kule mkoani kimya chake kinasomwa kama ndiyo. Wanadhani friji imeshafunguliwa na mtu ameinama juu yake na kalamu. Kimsingi amewakatalia, ila wao hawajapewa habari. Yule wa orodha anaandika mistari minne tu:

"Shefu, habari za kazi. Hesabu za malaria nitazipata Kailo Jumatano, zitakuwa kwenye DHIS2 Ijumaa mchana. Risiti nimeshamwomba dereva. Karatasi ya joto nitaileta kwa picha, lakini ikiwa friji yenyewe imekufa sitaweza kuitengeneza wiki hii, naomba mtafute fundi kuanzia sasa. Alhamisi nitakuwapo saa tatu ya Kinshasa."

Sasa mkoa unajua kwamba fundi ni kazi yao. Wiki nzima ya lawama tuliyokuwa tumeiandaa kwa uangalifu imeharibika kwa mistari minne. Kilichobaki ni kumtegemea Shefu, ambaye hajawahi kutuangusha: atajibu kabla ya saa kumi, atashukuru, ataongeza mambo mawili mapya kuhusu vyandarua na orodha ya wahudumu, na hatakigusa kichwa cha ujumbe.